Chini Yake Sufuria

Mtu aliyekulia Umoja, Nairobi, haulizi kwa nini mfereji umeachwa wazi usiku kucha bila tone kutoka. Anajua ni siku ya mgao. Kwa miaka mingi zamu ya upande wetu ilikuwa usiku wa Jumanne, saa yoyote kati ya saa tano na alfajiri, na maji hayakuwa na mazoea ya kutoa taarifa. Ukilala fofofo yamekupita, na wiki nzima utanunua mtungi kwa mtungi kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Ukikesha, utakaa uani na blanketi mabegani ukisikiliza mfereji ukikohoa hewa.

Nyanya yangu hakukesha wala hakupitwa. Jioni ya Jumanne alifungua mfereji wa uani hadi mwisho, akaweka kwenye karo, chini yake, sufuria ya alumini iliyopinduliwa, kitako juu, kisha akaenda kulala. Maji yakija, sufuria ilipiga kelele. Aliwahi kunieleza kwa nini ilikuwa lazima ipinduliwe. Sufuria iliyokaa wima hulia kwa matone machache tu, halafu maji yakishafunika sehemu ya chini yananyamazishana yenyewe kwa yenyewe. Iliyopinduliwa haijai. Ina uvungu kama ngoma, na itaendelea kukupigia hadi uamke.

Alifariki Jumamosi moja, na kabla ya jioni jukumu langu lilikuwa limeshaamuliwa. Mjomba alipewa usafiri, binamu zangu wakapewa hema na viti, mamangu akabaki na mambo ya mochari. Mimi, kwa kuwa naandika magazetini, niliambiwa niandike "kitu cha wajukuu." Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja wa kijitabu na dakika mbili za kusoma. Shangazi akaongeza sharti: kiwe shairi, kiwe Kiswahili, na watu wakielewe wakiwa wamesimama juani.

Sharti hilo la shangazi ndilo lililonipa kazi.

Anayehudhuria mazishi ya Nairobi anajua ukurasa wa wajukuu ulivyo. Una picha ya marehemu akiwa na keki, mishumaa miwili ya kuchorwa pembeni, na shairi la Kiingereza lililotolewa mtandaoni, lile lile lililosomwa wiki iliyopita kwa marehemu mwingine. Lina upepo, nyota na bustani. Silidharau, watu wenye majonzi huchukua kilicho karibu. Lakini nyanya yangu aliishi miaka zaidi ya arobaini katika nyumba ya Umoja 1, katika mtaa uliojengwa na baraza la jiji miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, nyumba ndogo za chini ambazo leo nyingi zimemezwa na maghorofa. Bustani yake ilikuwa mikebe miwili ya dhania.

Usiku wa kwanza wa matanga niliandikia kundi letu la wasapu ujumbe mmoja: kila mtu aniambie shosho alikuwaje. Majibu yalimiminika. Mwenye upendo. Mcha Mungu. Mchapa kazi. Nguzo ya familia. Mkarimu. Niliyasoma yote mara mbili, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lisingemfaa nyanya wa nyumba ya tatu, ambaye yeye na shosho hawakuwa wakipatana. Kosa lilikuwa la swali langu. Ukimuuliza mtu fulani alikuwaje, atakupa sifa, na sifa hazina mikono. Asubuhi niliuliza tena kwa namna nyingine: shosho alikuwa akifanya nini, saa ngapi, na chombo gani?

Hapo mambo yakabadilika. Mmoja alikumbuka kwamba alihifadhi kitambulisho chake ndani ya mkebe wa majani ya chai, akanuka chai kila alipokwenda benki. Mwingine alikumbuka alivyokuwa akinunua sukuma wiki soko la Mutindwa jioni kabisa, wachuuzi wakitaka kwenda nyumbani, na alivyojifanya anaondoka mara tatu kabla ya kulipa. Binamu yangu mdogo kuliko wote, anayesoma darasa la sita, aliandika maneno mawili: "sufuria usiku." Hakuna aliyemjibu. Hakukuwa na cha kuongeza.

Kitambulisho ndani ya majani ya chai ni kisa kizuri kuliko cha sufuria, nakiri. Kingechekesha. Lakini ni kisa cha kusimulia mara moja, kikaisha. Jambo la sufuria lilitokea kila wiki, lilitugusa sote bila kutuamsha, na lilikuwa na sauti. Zaidi ya hayo, lilikuwa jambo ambalo kufa kwa shosho kungelikatiza. Hicho ndicho kipimo nilichokuja kukiamini: chukua tendo ambalo mtu akiondoka, wiki ijayo kuna kitu ndani ya nyumba hakitafanyika. Mkebe wa chai utabaki rafuni. Sufuria haitajipindua.

Nikaketi kuandika, na nikaanza vibaya.

Nilisoma ushairi shuleni kwa njia ya mizani na vina, kama wengi wenu, kwa hiyo mkono ulikwenda wenyewe kwenye mishororo minne, nane kwa nane. Huu hapa mwanzo wangu wa kwanza, nauweka hadharani kwa aibu:

Nyanya leo umetoka, na sasa uko peponi,
Machozi yanatutoka, yametujaa machoni.

Hesabu: nane, nane; nane, nane. Vina vya kati ka, vya mwisho ni. Mwalimu wangu wa kidato cha pili angenipa alama zote. Lakini tazama kilichonipata. Kina cha ni ndicho rahisi kuliko vyote katika Kiswahili, kwa sababu kila mahali panaweza kukivaa: peponi, duniani, moyoni, mbinguni, kaburini. Ukikichagua, chenyewe kinaanza kukuchagulia mahali pa kwenda, na mahali penyewe ni pale pale waliposhukia waombolezaji wote waliokutangulia. Mshororo wa pili ni wa kuchekesha kabisa. Machozi yametujaa machoni. Yangetujaa wapi kwingine?

Sisemi kwamba vina haviwezi kubeba kilio. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi la vina na mizani, na wasomaji wa Kiswahili wanalijua hadi leo. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia bintiye utenzi ambao ndani yake mna kazi za nyumbani kabisa, na kanuni za utenzi hazikumzuia. Hao walikuwa na vina kama mtu anavyokuwa na vidole. Mimi nilikuwa na siku sita. Katika siku sita, asiyezoea vina hutawaliwa navyo. Na tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wakazuka waliosema hayo si mashairi na waliosema ni mashairi, mlango wa kuandika bila vina ulishafunguliwa na wenye nguvu kuliko mimi. Nikapita humo.

Kitu kimoja nilikiokota kutoka kwenye lile jaribio lililoanguka. Katikati ya ubeti wa tatu, nikihangaika na kina, niliandika "chini yake sufuria." Ni mizani nane kamili, bila kusukumwa. Ndivyo mtu angesema hata akiwa anaongea. Nikafuta kila kitu nikabakiza maneno hayo matatu juu ya karatasi, na ndiyo yaliyokuja kuwa kibwagizo.

Sasa tatizo la pili, na hili nadhani litamsaidia yeyote atakayepewa kazi kama yangu. Ni tatizo la wakati.

Rasimu ya pili ilianza hivi: Shosho alikuwa akiacha mfereji wazi. Sentensi ni sahihi. Lakini endelea nayo: alikuwa akiamka, alikuwa akivaa slipa, alikuwa akijaza mitungi. Kila mshororo unabeba alikuwa aki kabla ya kufika kwenye tendo, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nikajaribu angeamka, angevaa, angejaza, ikasikika nyepesi zaidi, hadi mamangu aliposoma akaniuliza, "Angeamka kama nini?" Alikuwa na haki. Kwetu ange ni ya jambo ambalo halikutimia. Shosho aliamka kweli. Nilikuwa nimefikiri kwa Kiingereza nikaandika kwa Kiswahili.

Kilichobaki ni hu. Shosho huacha mfereji wazi. Huamka. Hujaza.

Hu ni silabi ya ajabu, na nimeitumia maisha yangu yote bila kuitazama. Kwanza, haina wakati ulioisha. Ukisema jua huchomoza mashariki, husemi la jana. Pili, na hili ndilo lililoniamsha, haina mtu. Vitenzi vyetu karibu vyote hubeba mtendaji mbele: ninaacha, unaacha, anaacha. Hu humtupa nje. Mimi huacha, wewe huacha, yeye huacha, wao huacha; neno ni lile lile. Ukiondoa jina, hakuna anayeweza kusema nani anaacha. Tendo linabaki, mahali pa mtendaji pako wazi.

Nilipomsomea shangazi mshororo wa kwanza, alinikatiza. "Unasema huacha kana kwamba yuko hapo uani." Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema watu watadhani sijui sarufi. Tulibishana dakika kama kumi, juu ya chai iliyokwisha kupoa, na watu wa kanisa wakiingia na kutoka. Nilishinda kwa sababu tu alichoka. Lakini pingamizi lake lilinisaidia: kama hu ilimgutusha yeye, basi itawagutusha na wengine, na mgutuko huo ni wa bure, sikuulipia kwa neno lolote zito.

Kisha ikaja Jumanne.

Tulikuwa ndani zaidi ya watu ishirini, magodoro sebuleni, akina mama kutoka Gatanga, kwao shosho, chumbani. Mamangu aliniambia nisisahau sufuria, maana chai ya waombolezaji inakula maji. Nikaipindua mwenyewe. Saa tisa kasoro hivi ikaanza. Nililala pale nikisikiliza, na kilichonishangaza ni nilichokuwa nikisubiri: slipa. Slipa zake zilikuwa na kishindo cha kuburuta, kra, kra, kutoka chumbani hadi uani. Sufuria ikaendelea. Slipa hazikutoka. Nikainuka. Kufika mtungi wa tisa, kati ya kumi na mmoja, mfereji ukakohoa, maji yakaisha, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kuamka.

Shairi lilikamilika asubuhi hiyo, mitungi miwili ikiwa mitupu. Hili hapa lilivyosomwa:

Usiku wa Jumanne shosho huacha mfereji wazi,
chini yake sufuria,
kitako juu.

Maji yakija sufuria hulia.
Shosho huamka.
Huvaa slipa.
Hujaza mitungi kumi na mmoja,
hufunga mfereji,
hurudi kulala.

Asubuhi tunanawa.
Hakuna aliyewahi kuuliza
maji yameingia saa ngapi.

Jumanne iliyopita yalikuja.
Sufuria ililia.
Nikalala nikisikiliza slipa.

Sufuria ikaendelea kulia.

Nikaamka mimi.
Nikajaza tisa,
maji yakakatika.

Usiku wa Jumanne huacha mfereji wazi,
chini yake sufuria,
kitako juu.

Ubeti wa mwisho ni wa kwanza bila shosho. Nilifuta neno moja tu. Sarufi ikafanya yaliyobaki.

Neno jingine lililobeba mzigo kuliko mimi ni kulia. Kengele hulia, simu hulia, bunduki hulia, na mtoto hulia. Kiswahili hakitofautishi. Kwa kuwa sufuria ililia, sikuhitaji kumlizia mtu yeyote, wala machozi, wala macho ya kuyajaza. Sikuligundua hili kwa ustadi. Niliandika "sufuria hulia" kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukisema nyumbani, "sufuria inalia," na siku ya nne ndipo nilipolisikia.

Niseme pia nilichokikata, kwa kuwa kilinikaa moyoni kuliko vyote nilivyobakiza. Nyanya alizaliwa Gatanga, Murang'a, si mbali na Ndakaini, lilipo bwawa linaloweza kushika lita bilioni 70 na ambalo hutoa sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Maji hayo huteremka hadi Ngethu, yakasafishwa, yakaingia mabomba makubwa ya kuja jijini, na sisi wa ng'ambo ya barabara ya Outering tumekaa mwishoni mwa safari. Shosho alikuwa na mzaha wake. Maji yakichelewa alisema, "Yanatoka kwetu, yamesimama Thika kunywa chai." Na sasa sisi tulikuwa tunampeleka yeye kuzikwa huko huko, tukipanda njia ambayo maji huishuka. Unaona jinsi inavyovutia. Nilikuwa na beti mbili nzima juu ya hilo, na zilikuwa nzuri, na kila nilipozisoma nilijisikia mwerevu. Hapo ndipo nilipozitoa. Shairi lilikuwa la mtu aliyeamka usiku. Beti zile zilikuwa za mjukuu aliyeangalia ramani. Nikaziweka akiba, na leo nimepata pa kuzimwagia.

Kuhusu jina la kumwita. Kiswahili cha darasani kinasema nyanya, na ndilo nililotumia katika makala haya. Lakini nyanya hupikwa pia, na msomaji akisema "nyanya huacha mfereji wazi" kwenye kipaza sauti kibovu, kuna mtoto atacheka. Bibi ni la pwani na la Tanzania. Kwetu Nairobi ukisema bibi yangu amefariki utapewa pole ya mjane. Tulimwita shosho, kama nusu ya watoto wa Eastlands wanavyowaita nyanya zao, wawe Wakikuyu au wasiwe. Binamu mmoja alihofia kwamba ni Kisheng na mchungaji atakunja uso. Mchungaji hakukunja chochote. Naye ana shosho.

Mfereji nalo lilikuwa na majaribu yake, maana lilitaka kuharibika kwa mchapaji. Kijitabu tulikipeleka duka moja la uchapaji mjini, nakala mia mbili, kurasa kumi na mbili. Rasimu iliporudi kwenye simu yangu saa nne usiku, mshororo wa kwanza ulisomeka: Usiku wa Jumanne shosho huacha mfariji wazi. Aliyepiga chapa alikuwa ameandika kurasa tisa za nyimbo na sala, Mfariji akiwemo humo mara kadhaa, vidole vikazoea. Nilicheka peke yangu hadi mamangu akaja kuniangalia. Somo langu la kazi ni hili: omba rasimu ya mwisho kama picha, usome shairi kutoka mshororo wa mwisho kwenda wa kwanza, kwa sababu ukilisoma kama kawaida utaona ulichokusudia badala ya kilichochapishwa. Na waambie wasikuwekee mishororo katikati ya ukurasa. Mshororo mfupi ukiwekwa katikati huelea. Ukianzia kushoto husimama.

Binamu wa hema alitoa wazo kwamba tubebe sufuria yenyewe, nisimame nayo, niigonge. Wazo lilipendwa sana kamatini. Nilikataa, na bado nadhani nilifanya sawa. Watu wakiona sufuria wataitazama sufuria, watauliza imetoka wapi, watapiga picha. Wakisikia neno tu, kila mtu atachukua ya kwao.

Nilifanya mazoezi ya kusoma uani, karibu na karo. Kimya kimya shairi huchukua sekunde arobaini na tano. Kwa sauti, na vituo kati ya beti, lilikuwa dakika moja na nusu, na siku yenyewe lilifika mbili. Nilijua mahali sauti yangu ingekatika: "nikaamka mimi." Awali mshororo ule ulikuwa mrefu, wenye maelezo ya baridi na giza, na kila nilipoufikia nilishindwa kuumaliza. Nikaufupisha hadi maneno mawili. Mtu anaweza kumaliza maneno mawili hata akiwa analia. Nakala ya pili nilimpa binamu wa darasa la sita asimame kando yangu, nikinyamaza aendelee. Na sikusoma kutoka simuni. Jua la Gatanga saa sita mchana halikuachii kuona kioo. Niliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu isiyopeperuka.

Siku yenyewe ilikwenda kama mazishi yanavyokwenda. Gari la pili lilichelewa, mfawidhi akaanza kukata muda wa watu, wanasiasa wawili wakapata dakika ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Nilipoitwa nilikuwa nimeambiwa "kwa ufupi sana." Nikasoma. Sitadai kwamba umati ulitulia. Jenereta ilikuwa inanguruma na kulikuwa na mtoto aliyetaka soda. Kwenye "hujaza mitungi kumi na mmoja" nilisikia kicheko kidogo upande waliokaa watu wa Umoja, kicheko cha mtu anayejijua. Wazee wa Gatanga wengi walisikiliza kwa adabu. Si wote wanaofuata Kiswahili, na mto uko karibu nao, mgao hawaujui. Kwenye "nikaamka mimi" sauti ilikatika kama nilivyotarajia, nikaipata. Ubeti wa mwisho niliusoma polepole. Mtu mmoja nyuma akaongeza "shosho," kwa nguvu, akidhani nimeliruka.

Chakula kilipotolewa, alinijia jirani yetu wa Umoja, mama wa nyumba ya upande wa kulia. Ukuta wa uani wetu ndio ukuta wa uani wake. Alikuwa ameshika sahani ya wali na viazi, na kijitabu kimekunjwa kwapani.

"Ile sufuria," akasema. "Ndiyo ilikuwa ikiniamsha na mimi."

Sikumwelewa mara moja.

"Mimi sijawahi kuweka yangu," akasema. "Tangu tuhamie pale. Shosho yako aliweka, mimi nikaamka. Hata yeye sikuwahi kumwambia."

Nilianza kufikiria ubeti mpya, nikajizuia. Nakala mia mbili zilikuwa zimeshagawanywa na nyingine watoto walikuwa wanajipepea nazo.

"Jumanne niliisikia," akaendelea. "Nikasema ninaota. Nikarudi kulala." Alikula kijiko kimoja cha wali. "Sina maji."

Mamangu alikuwa nyuma yangu akikusanya vikombe.

"Jumanne ijayo mtaiweka?" jirani akauliza.

"Itawekwa," akasema mamangu, akapita na vikombe vyake.